Mkwaju wa Mwisho

Mbuzi alikuwa dume jekundu, mwenye ndevu, na kamati ya wazazi ilimtoa awe zawadi ya mashindano ya hesabu kati ya shule yetu, huku Iguguno, na shule moja ya upande wa Mtinko. Alifungwa kwenye mti wa mkwaju mbele ya ofisi, akatazamwa na shule nzima tangu asubuhi. Wanafunzi wetu wa bweni walikuwa wamekula makande mpaka wanayaota. Siku ile hakuna aliyekuwa anashindania heshima. Tulikuwa tunashindania supu.

Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa hesabu. Timu yangu ilikuwa na wanafunzi watatu, na aliyekuwa mkali kuliko wote alikuwa msichana wa kidato cha pili, mdogo wa umbo, mwenye ugonjwa mmoja: kuuliza. Huwezi kumwandikia swali ubaoni akalisolva kimya kimya. Lazima mkono upande. "Mwalimu, samahani, eksi iko juu au chini?" "Mwalimu, hiyo hasi iko ndani ya mabano au nje?" Wenzake wanacheka, mimi napandwa na hasira, maana nina hasira za karibu, na kipindi kinaisha. Wiki moja kabla ya mashindano nilimwita pembeni nikamwambia, "Siku ile usimuulize mtu kitu chochote. Ukiona swali, jibu. Umenielewa?" Akasema amenielewa. Nilijiona kocha wa maana.

Basi mashindano yakaenda, tukatoka sare. Hapo uwanja ukalipuka, kwa sababu linafuata swali moja la kuamua, na wanafunzi walikuwa wameshalipa jina: mkwaju wa penati. Anayenyoosha mkono kwanza ndiye anayejibu, na ana jibu moja tu. Mwendesha mashindano, mwalimu wa taaluma kutoka shule ya tatu, mtu mpole mwenye suti nzito isiyofaa kwa jua lile, akachomoa karatasi kwenye kopo la maswali tuliyotunga sisi walimu. Ikawa swali langu. Nililitunga mwenyewe kwa mkono, nikalipeleka mjini Singida likachapwe steshenari.

Akasoma, "Tafuta eksi. Moja juu ya mbili eksi ni sawa na nane." Kisha akainua karatasi wote waione: 1/2x = 8.

Msichana wetu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nilikuwa nimeshaanza kusikia harufu ya supu. Akasimama, akasema, "Mwalimu, samahani, naomba kuthibitisha. Eksi iko chini pamoja na mbili, au iko pembeni ya nusu?"

Nilijishika kichwa. Uwanja ukacheka mpaka mbuzi akalia.

"Jibu kama ilivyoandikwa," mwendesha mashindano akasema.

"Ndiyo hivyo mwalimu, ilivyoandikwa inasomeka namna mbili," akajibu. "Kama ni nusu ya eksi, jibu ni kumi na sita. Kama ni moja gawanya kwa mbili eksi yote, jibu ni moja ya kumi na sita."

"Majibu mawili!" akaruka mwalimu wa wapinzani wetu, jamaa mrefu mwenye filimbi shingoni, utadhani wa michezo. "Penati haipigwi kwa miguu miwili! Na jibu ni kumi na sita. Kugawanya na kuzidisha unakwenda kutoka kushoto. Moja gawanya mbili, halafu zidisha eksi."

Mwendesha mashindano akafunua karatasi ya majibu. Ilisema moja ya kumi na sita.

Ikawa vurugu tamu kuliko harusi. Mwalimu mmoja alitoa simu, akaweka kumi na sita mahali pa eksi, ikamletea nane. "Mmeona? Nane!" Mwingine akatoa kikokotoo cha shule, akaandika moja gawanya mbili, mabano kumi na sita, bila alama ya kuzidisha katikati. Kikamletea sifuri nukta sifuri tatu na mkia wa tarakimu. Wakabadilishana vyombo, kila mmoja akihisi cha mwenzake kimelogwa. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mkulima wa alizeti ambaye hajawahi kuombwa atafute eksi, aliuliza kwa upole kama eksi mwenyewe hawezi kupigiwa simu.

Aliyepigiwa simu ni mama wa steshenari. Nilimweka kwenye spika.

"Shikamoo mama. Lile swali la mwisho, mimi niliandika mstari mrefu, moja juu, mbili na eksi chini. Mbona limekuja kwenye mstari mmoja?"

"Marahaba mwalimu. Ule mstari wako ulinisumbua, kila nikiuweka unaruka. Nikaona niweke mkwaju, kile kimstari cha mshazari."

Hakumaliza. Mkwaju! Watoto walianguka chini kwa kucheka. Penati ni mkwaju, mbuzi yuko kwenye mkwaju, na swali limeharibiwa na mkwaju. Hata mimi, mwenye makosa, nilicheka machozi yakanitoka, kwa sababu karatasi ile nilikuwa nimeipokea mkononi siku tatu kabla na sikuitazama. Bila mstari mrefu, mabano yalihitajika: 1/(2x). Sikuyaweka, wala sikumwambia mama wa watu ayaweke.

Mwendesha mashindano akavua koti, akalifuta swali, akachukua chaki. Ubaoni akaandika jipya kwa mkono: kumi na mbili juu, mstari mrefu, eksi kutoa moja chini, sawa na nne.

Nilikuwa namtazama msichana wetu. Nilimwona amelipata, midomo aliyokuwa akikokotolea ilishatulia. Lakini mkono haukwenda juu. Kwanza aligeuka akanitazama mimi, usoni, kama mtu anayeomba ruhusa ya kupumua. Ilikuwa kitambo kidogo sana. Kijana wa upande wa pili akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu," kijana akasema, "eksi kutoa moja, yote iko chini ya mstari?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. "Yote," akajibiwa.

"Chini ni tatu. Eksi ni nne."

Ni nne. Mbuzi akafunguliwa, akapakiwa kwenye pikipiki kati ya dereva na mwalimu wa filimbi, akaenda Mtinko akilalamika njia nzima. Sisi tukala makande, na tulicheka mkwaju mpaka sahani zikabaki tupu. Msichana alinifuata akiwa na sahani yake.

"Samahani mwalimu. Nilikuwa nimelijua. Nilitaka kuuliza kama alivyouliza yule, nikakumbuka umenikataza."

Niliona aibu, na aibu ile haikunichekesha hata kidogo.

Jumatatu niliingia darasani kwao, nikaandika ubaoni kwa haraka 3/4y = 6, nikakaa. Darasa likaanza kukokotoa. Yeye aliinamia daftari, kalamu imesimama.

"Nimekosea wapi?" nikauliza. Nikamwelekezea chaki yeye. "Wewe. Mimi ndiye niliyekosea, tangu siku ile pembeni. Uliza."

Aliuinua mkono polepole, mpaka kwenye sikio tu. "Mwalimu, samahani. Wai iko juu au chini?"

Hakuna aliyecheka. Nikampa chaki, akaja mbele, akachora mstari mrefu mwenyewe, kisha akanigeukia.

"Sasa nakusikiliza, mwalimu," akasema. "Niiweke wapi?"