Mikono Miwili ya Mwokaji

Sauti ambayo Bi Hamira anaikumbuka hadi leo ni mlio wa benchi la mbao. Lililia mara moja, kwii, wanawake wawili walipoinuka kwa pamoja.

Mkunga alikuwa amechungulia mlangoni pa chumba cha kujifungulia na kuuliza mama wa binti aliyemo ndani ni nani, kwa kuwa chumbani anaruhusiwa msindikizaji mmoja tu. Mmoja alisimama kwa sababu alimzaa. Mwingine alisimama kwa sababu alimlea. Mkunga, dada mwenye raba nyeupe na macho ya kukosa usingizi, aliwatazama wote wawili akasubiri wakubaliane wenyewe.

"Ni mimi," alisema Bi Hamira, na tayari alikuwa ameshatia mguu ndani.

Jina hilo alipewa kwenye kiwanda cha mikate, alikokanda unga tangu usichana wake. Wenzake walisema anaumuka upesi: neno dogo tu, na mashavu yanajaa. Hakulipenda, lakini lilimganda. Aliolewa na dereva wa lori ambaye mkewe alikwenda kutafuta kazi mji wa mbali na kuacha nyuma mtoto aliyekuwa bado anatambaa. Bi Hamira alimbeba huyo mtoto mgongoni kiwandani, akampa madonge ya unga achezee, na watu wakaanza kumwita Kidonge. Dereva alifariki. Kidonge akakua, akasoma, akaolewa. Na mwaka ule alipopata mimba, mama yake mzazi akarudi, na mkoba mzuri, na sauti laini, na manukato yaliyobaki kwenye mapazia siku nzima baada ya yeye kuondoka.

Kidonge alimpokea. Hilo ndilo lililomuuma Bi Hamira. Kama binti angemfukuza, Bi Hamira mwenyewe angemtetea, angesema mwanangu usiwe na roho hiyo, na angeonekana mwema. Lakini binti alimpokea, akamwandalia chai, akacheka vichekesho vyake. Bi Hamira alikaa jikoni akisugua sufuria iliyokuwa safi.

Kwa hiyo mlango wa chumba cha kujifungulia ulipofungwa nyuma yake, aliona amepata kitu. Kule nje mwenye mkoba, huku ndani yeye.

Kidonge alikuwa amelala chali, uso umeloa. "Mama, mgongo," alisema. "Tumbo linakuja na kuondoka. Mgongo hauondoki."

"Hata uchungu ukipoa?"

"Hata ukipoa. Kama mtu amenikalia hapa chini na hataki kuinuka."

Mkunga alilipapasa tumbo pole pole. Pale kitovuni palikuwa pamebonyea kidogo, kama mto uliolaliwa. Kwa mbele vidole vyake vilikutana na magoti na visigino vidogo. Mapigo ya moyo wa mtoto aliyasikia vizuri, ila aliyatafuta mbali, ubavuni.

"Mtoto ametanguliza kichwa, hilo ni zuri," alisema. "Ila amelala mgongo kwa mgongo na wewe. Uso wake unatazama mbele, kwenye tumbo lako, na kisogo chake kigumu kinakandamiza uti wa mgongo wako. Ndiyo maana maumivu hayakupi likizo. Mara nyingi mtoto hugeuka mwenyewe uchungu ukiendelea, lakini huchukua muda."

"Ana kiburi," alisema Bi Hamira. "Hata hajazaliwa ameshatupa mgongo."

Kidonge alitaka kucheka, uchungu ukamkatiza. Mkunga akamlaza ubavu, akamwonyesha Bi Hamira mahali pa kubonyeza: ule mfupa mpana wa chini ya kiuno, kwa kitako cha kiganja, kwa nguvu isiyolegea, mfululizo hadi uchungu upite. Bi Hamira akaweka mkono. Mkono huo ulikuwa umekanda unga maisha yake yote. Ulijua kusukuma bila kuchoka na bila kuumiza.

"Hapo," alisema Kidonge. "Hapo hapo. Mama, usitoe."

"Sitoi."

"Ukitoa nakufa."

"Nani anatoa? Nitabonyeza mpaka upande wa pili."

Alisema kwa mzaha, lakini moyoni alikuwa amejaa. Kila uchungu ulipokuja, binti alitafuta mkono wake, na kila mara mkono ulikuwepo. Alimfikiria yule wa kwenye benchi, na kucha zake zilizopakwa rangi, akatamani mlango ungekuwa wa kioo.

Mkunga aliporudi alisema ni wakati wa kuinuka. "Kulala chali kunamzidishia. Nataka apige magoti na kuinama mbele, tumbo lining'inie, ayumbishe kiuno. Mtoto anapata nafasi, na mgongo unapumua. Siahidi kwamba atageuka, lakini maumivu hupungua kwa wengi. Magoti yakichoka, asimame, mguu mmoja juu ya kiti, aegemee upande huo kila uchungu ukija. Kisha arudi ubavu apumzike."

Alitandika godoro jembamba sakafuni. Kidonge alishuka, akapiga magoti, akaegemea kiti. Kiti kilikuwa cha chuma, chepesi, kikakimbia mbele. Mkunga akakirudisha, kikakimbia tena.

"Anahitaji mtu wa kumwegemea kwa mbele na mtu wa kubonyeza kwa nyuma," alisema. "Mimi nina mama mwingine chumba cha pili anakaribia. Kanuni ni mmoja, lakini kwa hili nitaruhusu wawili. Yule mwenzako yupo nje?"

Bi Hamira hakufikiri. Neno lilitoka lenyewe.

"Ameondoka."

Mkunga akaitikia, akapita haraka mlango wa ndani kwenda chumba cha pili.

Wakabaki wawili, na muda ukaenda vibaya. Bi Hamira alipokaa mbele, Kidonge alimkumbatia shingoni na kutulia kidogo, halafu uchungu ukaja na nyuma hakukuwa na mkono. Akalia kilio ambacho mama yake hakuwahi kumsikia, cha chini, cha mnyama. Alipokimbilia nyuma na kubonyeza, kiti kiliteleza na Kidonge akaanguka kifudifudi kwenye viwiko vyake. Mbele, nyuma. Nyuma, mbele. Mwishowe binti akakata tamaa, akapanda kitandani akalala chali kwa sababu ndiko alikoweza kujishika.

"Inuka, mwanangu."

"Siwezi."

"Nitakushika."

"Utanishika wapi, Mama? Una mikono miwili tu."

Akaanza kusukuma. Mkunga aliingia akamkuta, akampima, akamwambia avute pumzi fupi fupi na asisukume kwanza, maana njia haijafunguka yote. Kichwa cha mtoto kikibana nyuma namna ile, hamu ya kusukuma huja kabla ya wakati, alisema. Mapigo ya moyo yalikuwa mazuri. Lakini njia ilikuwa vile vile kama alivyoiacha. "Nitamjulisha daktari aje amwangalie," alisema, bila kupandisha sauti, akatoka, na Bi Hamira akaelewa kwamba utulivu huo ulikuwa wa kazi.

Alimtazama binti yake. Nywele alizomsuka mwenyewe zilikuwa zimeshikana kwa jasho. Akaona wazi, kama mtu anayeona ufa ukutani, kwamba alikuwa amemnyima mwanawe jozi ya mikono ili yake ibaki peke yake.

Akatoka.

Yule mwanamke alikuwa bado kwenye benchi, mkoba mapajani, wima kama aliyeitwa kwenye usaili.

"Njoo," alisema Bi Hamira.

"Mkunga amepita hapa mbio kwa daktari, akashangaa kunikuta. Anasema alikuuliza kama nipo nje. Ukasema nimeondoka."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kuondoka unakujua."

Mwanamke aliinamisha uso. Angeweza kujibu, alikuwa na haki ya kujibu. Akauweka mkoba sakafuni. "Nikae wapi?" aliuliza.

Alikalia kiti cha chuma, na uzito wake ukakituliza. Kidonge alipiga magoti mbele yake, akamlalia mapajani, tumbo likining'inia. Bi Hamira akapiga magoti nyuma, viganja vyote viwili mfupani. Uchungu ulipokuja wakayumba wote watatu, kushoto, kulia, taratibu.

Hakuna aliyemwambia Bi Hamira kwamba kutoka nyuma hauonekani uso. Yeye alikuwa na mgongo. Mwenzake alikuwa na mashavu, macho, pumzi. Aliona vidole vyenye kucha za rangi vikipita kwenye mistari ya nywele alizozisuka yeye. Akabana meno, akabonyeza.

"Na wewe ulinitesa mgongo hivi hivi," alinong'ona yule mwanamke. "Ulitoka ukitazama juu. Mkunga akasema huyu amekuja kuangalia dari."

"Hukuwahi kuniambia," alisema Kidonge.

"Sikuwepo nikuambie."

Bi Hamira alisikia, na wivu ukampanda. Siku ile ya kuzaliwa Kidonge yeye hakuwepo. Hata angekanda unga wa dunia nzima, siku ile hangeweza kuipata. Machozi yalimlengalenga, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Daktari alikuja, akasikiliza, akapima, akasema mama na mtoto wako vizuri, waendelee hivyo hivyo kwa muda, atarudi. Wakaendelea. Magoti yalipochoka, Kidonge alisimama na mguu mmoja kitini, akiegemea, huku na huku amezungukwa. Akapumzika kwa ubavu. Akarudi magotini. Kisha, katikati ya uchungu mmoja, aliinua kichwa.

"Umehama," alisema. "Uchungu wa mgongo. Umekuja mbele."

Mkunga alitafuta mapigo ya moyo, na safari hii hakwenda ubavuni. Aliyapata mbele, karibu na katikati. Akampima. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Amegeuka, na njia imefunguka yote. Siwezi kuapa kwamba ni magoti. Wengine hugeuka kwa hiari yao. Ila sasa ukisikia kusukuma, sukuma."

Uchungu uliofuata Bi Hamira aliweka viganja vyake, kama alivyokuwa akifanya.

"Acha, Mama," alisema Kidonge. "Hapo hapaumi tena."

Akaviondoa. Vilikuwa vimekufa ganzi, vimekunjika kama bado vimeshika kitu. Alibaki amepiga magoti nyuma ya watu wawili walioshikana, na hakujua aviweke wapi.

Mtoto alizaliwa kisogo kikielekea tumbo la mama, kama wengi wanavyozaliwa, akapiga kelele kabla ya miguu kutoka. Wa kiume. Wakamlaza kifuani kwa mama yake, wakamfunika. Kidonge alinyoosha mkono bila kuangalia, ukamkuta Bi Hamira shavuni, ukabaki hapo muda mfupi, halafu ukarudi kwa mtoto.

Baadaye, mkunga alipotaka kumsafisha Kidonge, alimfunga mtoto kitambaa na kumkabidhi Bi Hamira, aliyekuwa karibu zaidi. Akamkumbatia. Uso wenye makunyanzi, pua bapa, jicho moja limefunguka. Yule mwanamke alikuja akasimama kando, mikono imening'inia, hakuthubutu kuinyoosha.

"Naweza kumshika?" aliuliza.

Hakumwuliza Kidonge. Alimwuliza yeye. Bi Hamira alimwangalia, akamwangalia mtoto, akamvuta kifuani mara moja zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akampitisha, kichwa kwanza, kwenye mikono ile laini.

"Mshike," alisema, kwa sauti ndogo hata mkunga hakusikia. "Lakini asikuzoee haraka."