Jina la Duka Kifuani

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Macalder, na pia katibu wa klabu ya mpira ya vijana. Barua yangu ya kwanza ya kuomba ufadhili ilijaa shida zetu. Mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliisoma mpaka mwisho, akanirudishia.

“Mwalimu, nimewahurumia,” akasema. “Lakini duka langu litapata nini?”

Nilirudi nyumbani nikaiandika upya. Tuliomba seti moja ya jezi na mipira miwili. Sisi tungeweka jina la duka kifuani msimu mzima, bango lake kando ya uwanja kila mechi ya nyumbani, na kulitangaza kwa kipaza sauti wakati wa mapumziko.

Aliisoma akiwa amesimama. “Hii sasa ni biashara,” akasema, akatia sahihi na kugonga muhuri.

Siku ya mechi ya kwanza alikuja na wateja wake. Vijana walipoingia na jezi za bluu, alipiga vigelegele kabla mpira haujaguswa. Tulishinda mbili bila. Jumatatu wenye maduka wengine wawili walinijia shuleni, kila mmoja akitaka naye aandikiwe barua yake.