Sekunde Sita za Luka

Apolonia alikuwa na chumba kimoja cha studio pale Mhunze, nyuma ya duka la pembejeo, chenye feni iliyosukuma joto kutoka kona moja kwenda nyingine. Humo alihariri video za chaneli yake, Uwanja wa Ngoma, iliyoonyesha mashindano ya ngoma za Wasukuma baada ya mavuno, Wagika na Wagalu wanapokutana kupimana ubavu. Kwa asiyewahi kuona, mambo huenda hivi: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na hakuna jaji mwenye karatasi. Watazamaji ndio jaji. Walikojaa wengi, huko ndiko kwenye ushindi, na wengi hao hawatulii. Wakisikia kishindo ng'ambo ya pili wanatimka mbio na vumbi lao.

Mumewe, Ignas, alishika kamera. Apolonia alishika mengine yote, pamoja na lawama.

Alikuwa ameacha video za harusi ili aishike chaneli hii, na mama mkwe alikuwa hajamaliza kumsema kwa hilo. Kilichomkera ni kwamba mwaka mzima video zao hazikufanana. Hii ina maandishi mekundu, ile ya kijani yenye kivuli, nyingine jina la kundi limeandikwa kwa mwandiko wa kadi za send-off. Mtu alizitazama tatu asijue zimetoka nyumba moja. Ndipo Apolonia akaamua kutengeneza kiolezo, yaani mradi mmoja uliokamilika kila kitu isipokuwa picha, ambao angekuwa anaunakili na kuujaza kila wanaporudi kutoka uwanjani.

Alikaa nacho wiki mbili. Alichagua miandiko miwili tu, mnene wa vichwa vya habari na mwembamba wa majina, akamkataza Ignas kugusa mwingine wowote. Rangi alichagua tatu: nyeusi ya udongo wa mbuga, nyeupe ya pamba na njano ya alizeti. Namba ya kila rangi aliiandika kwenye daftari, maana ukiiambia kompyuta njano bila namba, leo utapata ya alizeti na kesho ya embe bovu. Alitengeneza utepe wa jina unaojitokeza chini kushoto kwa sekunde nne. Miandiko, muziki na vipande vyote akaviweka ndani ya folda moja, kwa sababu siku moja Ignas alifungua mradi kwenye kompyuta ya rafiki yake Shinyanga isiyo na miandiko ile, nayo ikajichagulia wa kwake.

Kilichobaki ni kipande cha kufungulia, sekunde sita ambazo kila video ingeanza nazo. Hapo Apolonia hakufikiri mara mbili. Aliingiza picha za baba yake, marehemu Luka, aliyekuwa manju, kiongozi wa ngoma wa Wagika, akirusha jembe juu na kulidaka mgongoni, na jina la chaneli likitokea pale jembe linapotua. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizokuwa nazo. Pia ndiyo ya mwisho aliyopigwa mzee yule akiwa mzima. Kila alipofungua kiolezo alimwona, na moyo ulitulia.

Video kumi na moja zikatoka zikiwa na sura moja. Wageni waliongezeka. Watu wa Kahama walianza kumsimamisha Ignas stendi kuuliza mashindano yajayo ni lini. Mashindano makubwa ya Julai yalipobaki siku kumi, Apolonia alikuwa anatembea kifua mbele.

Ndipo akaingia Mzee Masalu, manju wa Wagalu, na kofia yake mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wana Luka." Akakataa kiti. "Nimekuja kukuambia mwenyewe, usilisikie sokoni. Julai hamtatupiga picha."

Apolonia alidhani amesikia vibaya. Bila Wagalu hakuna mashindano. Ni Wagika wanacheza peke yao na chaneli inayoonyesha nusu ya uwanja.

"Tumewakosea nini, baba?"

Masalu akatoa simu, akafungua video ya kundi lake, ile waliyoshinda Kishapu nzima ikiona. Jembe la Luka likapaa, likatua. "Unaona? Nikitaka kujitazama mimi, sharti nipite kwanza kwa baba yako. Wajukuu zangu wananiuliza kwa nini Wagika ndio wanaotufungulia mlango."

Akavaa kofia akaondoka. Apolonia alibaki ameikodolea macho skrini, na aibu ikampanda taratibu. Amezaliwa ndani ya ngoma hizi. Alijua Mgalu hawezi kuingia uwanjani nyuma ya jembe la Mgika. Alijua, na bado alimweka baba yake mlangoni kwa sababu alimkumbuka.

"Tutengeneze viwili," Ignas akasema jioni, alipoelezwa. "Cha Wagika na cha Wagalu."

"Na siku ya mashindano tuweke kipi, Baba Ritha?"

Ignas akakuna kidevu.

"Tukiwa na viwili tuna chaneli mbili," Apolonia akasema. "Kazi yote hii nimeifanya ili iwe moja."

Siku mbili alipekua picha za zamani, kila ngoma aliyoigusa ikiwa na mwenyewe. Siku ya tatu alikuta kipande ambacho Ignas alitaka kukifuta, kwa vile kamera ilimtoka watu walipomkumba. Ilionekana miguu tu: kandambili, viatu vya matairi, peku, mamia ya miguu ikikatiza uwanja mbio, na vumbi. Apolonia akairudia mara nne. Hakukuwa na Mgika wala Mgalu pale. Ni jaji, akikimbia kwenda kuamua.

Akakata sekunde sita kamili, akaweka muziki uleule na jina lilelile kwa njano ileile, likitokea vumbi linapofunika kioo. Akakihifadhi kwa jina la kile cha zamani ndani ya folda ileile, na kiolezo kilipofunguliwa kikakichukua bila kuuliza. Zile kumi na moja zilizokwishatoka zilikuwa shughuli nyingine. Mtandao haukuruhusu kubadilisha video na kubakiza watazamaji wake. Uliruhusu kupunguza tu. Basi akaingia moja baada ya nyingine, akakata sekunde sita za mwanzo. Mara kumi na moja alimtoa baba yake. Ya tisa ilimliza, akafuta uso kwa kanga akaendelea na ya kumi.

Mzee Masalu alikuja kwa kuitwa, safari hii akakaa. Kwenye kompyuta, ambako kila mradi ulikuwa umechukua kipande kipya, alitazama miguu ikikimbia, halafu kundi lake likaingia moja kwa moja. Akairudisha mwanzo, akatazama tena.

"Hawa wanakimbilia wapi?"

"Hilo wanaliamua wenyewe, baba."

Masalu akacheka kidogo. Kisha akakitazama kioo kama mtu aliyepungukiwa kitu.

"Sasa Luka umempeleka wapi?"

"Yupo kwenye video yake mwenyewe, ya Wagika. Nzima, dakika kumi na mbili."

Mzee akaweka kofia mezani. "Julai njooni, mkae upande wowote mnaotaka." Akavuta kiti karibu na kioo. "Lakini kwanza nifungulie hiyo ya Luka. Nataka nione alivyonishinda mwaka ule."

Apolonia akabonyeza. Miguu ikakimbia, vumbi likafunika kioo, na lilipotulia baba yake alikuwa ameshalirusha jembe.