Karabai Zisizo na Namba

Karabai ilipasuka mikononi mwa mke wa mwalimu wa kwaya. Alikuwa anaipiga pampu, jua linazama, watoto wake wanangoja mwanga wa kusomea. Tangi likafunguka chini, mafuta ya taa yakamrukia usoni na kifuani yakiwa yanawaka. Majirani walimzima kwa blanketi. Kesho yake nilimkuta kitandani hospitali ya misheni, ngozi ya mkono imebambuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Aliniuliza kama alikosea kupampu. Nilimwambia sijui, na kweli nilikuwa sijui.

Mimi ndiye niliyemuuzia. Nilisoma hadi darasa la kumi, nikaolewa, nikazaa, na mume wangu alipokwenda kuchimba dhahabu Saza nikashika kazi ya ukarani katika duka moja la Tunduma. Mtoto wangu wa miezi minane nilimwacha kila siku kwa wakwe zangu, Chapwa.

Niliporudi kutoka hospitali nilifungua droo ya meza kutafuta karatasi ya kaboni. Chini ya kitabu cha risiti palikuwa na barua ya Kiingereza kutoka kwa wakala wa karabai. Ilikuwa imefunguliwa, na muhuri wa posta ulikuwa wa siku kumi na moja nyuma. Ilisema karabai ambazo namba chini ya tangi inaanza na arobaini na moja zina kasoro: mshono wa tangi haukushika risasi ya kulehemu vizuri, ukijazwa upepo unaweza kuachia. Duka liache kuziuza siku hiyohiyo. Kila aliyenunua aarifiwe. Zirudishwe, wao watatoa nyingine bure.

Nilimwuliza mwenye duka aliisoma lini. Hakuona haya. Akasema yule mama alizidisha pampu, wanawake hawajui vyombo vya moto, na tukibandika habari kama hizo hakuna atakayenunua hata sindano.

"Umemwona uso?" nilimwuliza.

"Unga wa mwanao unatoka wapi, mama? Si humuhumu?"

Nilishika jiwe la mizani nikamrushia. Lilimkosa, likavunja chupa kubwa ya peremende nyuma yake. Alichuchumaa chini ya kaunta, na kutoka hukohuko akaniambia nibandike mwenyewe nikitaka. Nikabandika.

Niliandika kwa Kiswahili cha watu, si cha serikali: "Umenunua karabai hapa tangu mavuno? Usiiwashe. Usiipampu. Ikiwa imepoa, legeza skrubu ya upepo mpaka isifoke tena, kisha mwaga mafuta yote. Geuza tangi usome namba. Ikianza na 41, ilete dukani, hata kama kioo kimevunjika, hata kama huna risiti. Utapewa nyingine lori likija." Niliinakili mara sita: dukani, kanisani, kisimani, sokoni, kwa jumbe, na moja kwa mtu wa lori apeleke kijiji cha Ruanda. Kitabu cha risiti kilikuwa na majina ya wanunuzi ishirini na wawili, mbali na yule mama. Namba za karabai hatukuandika. Upumbavu huo ni wangu.

Asubuhi watu walikuja na karabai zao, nami nikazigeuza moja moja. Namba hakuna. Nageuza nyingine, hakuna. Kwetu karabai haikai kwa mwenyewe: leo iko harusini, kesho msibani, keshokutwa kwa shemeji ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo kila mtu akinunua hupita kwanza kwa fundi bati amgongee alama yake chini ya tangi. Fundi yule, kwa usafi wake, alikuwa akipiga nyundo namba ya kiwandani mpaka ilale, ndipo anatoboa alama ya mwenyewe: jembe, msalaba, pembe mbili. Nilimtukana mbele ya wateja wake. Akajibu kwamba hakuna aliyewahi kumwambia ile namba ina kazi.

Hapo ndipo alipoingia kaka yake yule mama aliyeungua. Alikuwa na panga. Alilipiga kwenye kaunta likazama kwenye mbao, likakataa kutoka, akaliacha palepale akamfuata mwenye duka kwa mikono. Akamvuta shati akamtoa nje. Wanaume wengine wakaongezea. Nilisikia jino likivunjika. Sitasema uongo hapa: sikukimbilia kuamulia ugomvi. Nilisimama nikatazama, na roho yangu ikatulia kidogo. Halafu nikaona mzee mmoja ameweka karabai yake iliyojaa upepo juani, karibu na miguu ya wanaopigana.

Nilipanda juu ya sanduku. "Mtampiga baadaye," nikasema. "Kwanza legezeni skrubu."

Wakamwachia. Niliamua, bila kumwuliza mtu, kwamba karabai yoyote isiyo na namba ni mbovu mpaka ionekane vinginevyo. Kila moja tuliitoa upepo, tukaimwaga, tukaifuta, tukaifunga kijikaratasi chenye jina na kijiji. Kufikia alasiri masandukuni zilikuwa ishirini na moja. Niliyokosa nilijua iko wapi. Ilikuwa na alama ya pembe mbili, na mwenyewe ni baba mkwe.

Nani asiyejua mila yetu? Mke wa mtoto hamsemeshi baba mkwe, hamtazami usoni, haingii nyumbani mwake akiwamo. Tangu asubuhi nilikuwa nimetuma maneno kwa mama mkwe. Jibu lilirudi: karabai yake ni ya kwanza Chapwa, na hazimiwi taa na mwanamke. Mwanawe arudi kutoka Saza amwambie mwenyewe.

Nilifunga duka nikaenda mbio. Nilipokaribia ua nilisikia pampu: chu, chu, chu. Mama mkwe alikuwa jikoni. Mlango ulikuwa wazi. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, karabai katikati ya magoti, na mwanangu kwenye mkeka, ananyoosha mkono apate kuigusa.

Niliingia. Nilimnyakua mtoto kwa mkono mmoja na karabai kwa mwingine. Fimbo ilinipata begani, kisha sikioni. Mtoto alipiga ukelele. Nilimrushia mama mkwe, aliyekwisha fika mlangoni, akamdaka. Fimbo ya tatu nilipokea nikiwa nimelalia karabai uani, nalegeza skrubu, upepo unafoka na damu ya sikio inadondokea kwenye tangi.

"Piga," nilimwambia, nikimtazama machoni. "Lakini ngoja uone."

Nilimwaga mafuta, nikafunga skrubu, nikapampu mara kumi tangi likiwa tupu, nikalizamisha kwenye beseni la maji lililokuwa pale uani. Upande wa zile pembe mbili vikapanda viputo, mstari mzima, vidogo vidogo, mfululizo.  Baba mkwe alivitazama mpaka vikaisha. Kisha akakaa chini, fimbo juu ya mapaja, akamchukua mtoto kutoka kwa mkewe, akasema naye, maana na mimi hawezi.

"Mwambie mama yako akiondoe hicho kitu."

Wazee walinitoza mbuzi kwa kuvunja mwiko. Nimemtoa. Mwenye duka hakutozwa hata kuku. Alinifukuza kazi, na karabai mpya zilipofika alizigawa yeye, akitabasamu na pengo lake. Baba mkwe alikataa kwenda kuchukua ya kwake. Alimtuma mama mkwe aniambie niilete mimi, niipige pampu mbele yake ndani ya maji, ndipo aiwashe.

Niliipeleka. Sikio la kushoto mpaka leo halisikii vizuri.