Sauti Niliyomwazima

Redio yetu ya Kalemie, mashariki mwa Kongo, ilikuwa na desturi ambayo sikuikuta katika kitabu chochote nilichosoma kwa ajili ya tasnifu yangu. Mwanamke aliyebakwa akikubali kusimulia, sauti yake hairushwi hewani. Kuibadilisha kwa kompyuta hakutoshi, kwa sababu watu wa kijiji kimoja humtambua mwenzao hata kwa kikohozi. Mtangazaji mwanamke huyaandika maneno yake, huondoa majina ya watu na ya mito, kisha huyasoma mwenyewe bila kugeuza “mimi” kuwa “yeye”. Kabla ya kusoma hutangaza: “Maneno ni ya mama mmoja, sauti ni yangu.”

Mama niliyemsomea maneno yake hewani alikuwa amekimbia kutoka upande wa Nyunzu. Alitaka ahadi moja tu.

“Bwana yangu asijue. Akijua, atanifukuza na watoto.”

Nilimwahidi. Kisha nikaisikiliza rekodi yake mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Sikuweza kuandika sentensi kabla ya kuhakikisha kama alisema “walikuja” au “walirudi”, maana “walirudi” ilimaanisha kwamba wale wenye bunduki walikuwa wamefika hapo awali. Alikuwa amesema “walirudi”. Nilipoingia studio nilijua kila mahali alipovuta pumzi, nami nikavuta pale pale.

Muda mfupi baadaye, mtu tusiyemjua alikata ile sentensi ya mwanzo. Kilichobaki, kilichoanza na “Walinikuta shambani”, kilisambazwa katika makundi ya WhatsApp pamoja na picha yangu ya siku ya kuhitimu na nambari yangu ya simu. “Kumbe mutangazaji alikuwa bibi yao!” aliandika mmoja, akimaanisha mke wa wale wenye bunduki. Mwingine: “Aseme kweli kama hakupenda.” Wanaume nisiowajua walipiga simu na kuhema tu. Karibu na soko, waendesha pikipiki waliiwasha sauti hiyo nilipopita. “Dada, tumalizie ile historia!”

Mwenzangu anayesoma habari za asubuhi alininyang’anya simu.

“Usisome tena. Mimi njo nitasoma, si weye.”

Alipiga picha kila ujumbe, nambari ya aliyeutuma ikionekana, kabla ya kumzuia. Mtumaji akiufuta, polisi hawana cha kuona. Akaiwekea akaunti yangu nambari ya siri ya pili. Mhariri aliniondoa kwenye habari za vita na kunitaka nibadilishe njia ya kwenda nyumbani. Katika kituo cha afya, mwanasaikolojia aliniuliza ninaota nini. Nilijibu kwamba ninaota shamba nisilolijua, ambalo sijawahi kulikanyaga. Hakushangaa. Alieleza kwamba anayesikia mateso ya mwenziwe tena na tena anaweza kuyabeba mwilini kama yaliyompata yeye. Kwangu matusi yalikuwa yamekuja juu ya mzigo huo. Nilimwelewa kabisa, lakini kuelewa hakukunirudishia usingizi.

Mhariri alikuwa na dawa nyingine. “Turushe hata neno moja la yule mama kwa sauti yake, Dada. Watu wasikie si weye, wafunge midomo.”

Nilitafuta neno hilo siku nzima kichwani, neno ambalo mtu asingemtambua ndani yake. Sikulipata. Hata “ndiyo” aliivuta kwa namna yake. Nilikataa. Tulirusha tangazo la kuieleza desturi yetu, na karibu hakuna aliyelisambaza.

Ndipo mama yangu alipofika kwa boti kutoka Moba. Sauti ile ilikuwa imemfikia huko, kwa simu ya jirani, yeye ambaye kila Jumapili aliwaambia wenzake wa kanisani kwamba yule wa redio ni binti yake. Alishuka bandarini na unga na samaki wakavu, akanitazama miguu kabla ya uso, aone ninavyotembea.

“Mama, si mimi. Nilisoma tu maneno ya mwingine.”

“Ndiyo, mutoto wangu.”

“Mama, ni kweli.”

“Ndiyo.” Alisema kama anavyobembelezwa mgonjwa. Baadaye, akichochea moto: “Kama ni mwingine, nisikilizishe huyo mwingine.”

Rekodi ilikuwa ndani ya nyumba, katika flashi iliyofungwa kwa neno la siri. Mama hakumjua mtu yeyote Nyunzu. Lakini angelia, jirani angemwuliza analilia nini, na mama hajui kudanganya. Na wachuuzi wa Moba hufika kila mahali. Nilifuatilia mnyororo huo hadi kwenye mlango wa mume wa yule mama.

“Siwezi, Mama.”

Alitikisa kichwa polepole. Kwake hilo lilikuwa jibu: aliyebakwa ni mimi.

Alinichemshia maji, akaniingiza bafuni kama nilipokuwa mdogo, akanisugua mgongo kwa mkono mwepesi mno, kama apitaye karibu na kidonda.

“Hapa panauma?”

“Ndiyo” ingemthibitishia alichoamini, na “hapana” ingekuwa uongo, basi nikamsogezea mgongo aendelee kusugua.