Kiyoyozi cha Eucabeth

Ukimuuliza Eucabeth kuna shida gani huko Jeddah, hatataja kazi. Kufagia wodi usiku kucha anaweza. Shida ni mchana. Katika chumba chake mtaani Bani Malik, kiyoyozi kilikufa wiki nyingi zilizopita, na kwa joto la mwezi wa saba, bila kiyoyozi hulali, unachemka tu. Kazini alikutwa anasinzia mara mbili. Msimamizi akamwambia wazi: ya tatu, halas, unarudi Kenya.

Mwenye nyumba, Bwana Saxena, ni Mhindi anayeishi Riyadh. Eucabeth akimtumia ujumbe wa Kiarabu, kimya. Akimpigia na kuongea Kiingereza, jamaa anajibu, "English mafi, sister," yaani Kiingereza hakuna, anakata. Loo, huyo mtu!

"Mwandikie Kihindi," alisema Dinesh, fundi cherehani wa ghorofa ya chini, mpangaji wa huyohuyo Saxena. "Barua pepe. Hapo hawezi kusema hakuelewa."

Basi Dinesh akaandika kwenye simu ya Eucabeth, akimfafanulia kila sentensi kwa Kiarabu chao cha kuungaunga. Alianza na "Aadarniya Saxena-ji", yaani mheshimiwa. Sawa. Akamwombea afya. Sawa. Akamshukuru kwa wema wake.

"Wema upi?"

"Ni adabu, dada."

"Adabu iache. Endelea."

"Ukipata nafasi, tafadhali tuma fundi..."

"Aka! Futa hiyo! Nafasi ameipata tangu Mei. Andika siku."

Dinesh akashika kichwa. Kwao mwenye nyumba haambiwi siku, naye alikuwa na chumba chake cha kulinda. Eucabeth hakusogea. Mwishowe ikaandikwa hivi: kwa heshima zote, kiyoyozi hakifanyi kazi tangu Mei, mkataba unasema matengenezo ni juu yako, picha na ujumbe wangu wa awali nimeambatisha, naomba fundi afike kabla ya Ijumaa, la sivyo nitalazimika kupeleka malalamiko rasmi. Chini likawekwa jina la Eucabeth, peke yake.

Jibu lilikuja kesho yake, kwa Kiingereza kilichonyooka kama cha mwalimu mkuu: "Nani amekuandikia barua hii?"

Kumbe Kiingereza anacho! Eucabeth alipandwa na hasira, akashuka na simu hadi kwa Dinesh. Dinesh, alipooneshwa, akaacha cherehani ikiwa na nguo ya mtu katikati.

"Dada, usinitaje. Tafadhali."

"Nikutaje kwani wewe ndiye unayelala kwenye tanuri?"

Akajibu mwenyewe, kwa Kiingereza, kwa kuwa sasa walikuwa wanaelewana vizuri: "Barua ni yangu, Saxena-ji, na jina langu liko chini. Fundi anakuja saa ngapi?"

Alhamisi asubuhi fundi alipanda na ngazi begani. Mchana ule Eucabeth alilala fofofo, na jioni mwenzake wa chumbani, Rosebellah, alimtikisa weee: "Amka, mama, gari la kazi liko chini!"