Mbeyu Amefuata Cherehani

Mwambire Fondo hukodisha viti. Ukifiwa Malindi, ukioza binti, au ukigombea kiti cha wadi na kutaka watu wakae wasikilize uongo wako kwa starehe, viti vyeupe vya plastiki vitakavyoshushwa kwenu ni vyake, na turubai lenye kiraka cha buluu ni lake pia. Ana miaka arobaini na sita, mke mmoja na kitambi cha kiasi. Kwa miaka tisa amekuwa akiandika filamu. Watu wakisikia hilo hucheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikasoma alichoandika, nikaudhika kwamba mtu wa viti anaweza kuandika vile na sisi wenye vyeti vya uigizaji tumekaa tu.

Naitwa Damaris. Nimo katika kundi la maigizo la Bi Shahida, ambalo ofisi yake ni vyumba viwili juu ya duka la halua, na ndiyo maana sote tumenenepa. Nina miaka thelathini na tatu na nimeigiza mama mkwe mara kumi na saba. Shahida husema nimejaliwa uso wa kunyima watu chakula.

Mwaka huu waandishi wa pwani waliitwa Kilifi. Kulikuwa na jopo la kuchagua hadithi moja ya kutengenezwa filamu ndefu, na jopo hilo lilikataa katakata kusoma andiko zima. Kila mwandishi aje na waigizaji wake, wasome kurasa tatu za mwanzo mbele ya ukumbi, wanyamaze. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya kutazama. Kwa hiyo una dakika tatu za kutuonyesha tuko wapi, kama tucheke au tulie, na mhusika wako anataka nini. Jopo likitaka kusikia ukurasa wa nne, umepita. Lisipotaka, unywe soda yako uende zako.

Mwambire alituchagua sisi, na hadithi yake ilikuwa ya vichekesho. Mbeyu, mjane fundi wa nguo kutoka Adu, anasafiri hadi kwa wakwe zake Rabai kudai cherehani yake. Mumewe alipokufa, wakwe waliibeba pamoja na kitanda na mbuzi, na bila cherehani Mbeyu si fundi, ni mwanamke mwenye futi shingoni. Hadithi nzuri, nyepesi, kila mtu anaielewa.

Tukakaa ofisini kuisoma kwa mara ya kwanza. Shahida alishika saa. Mzee Gona, ambaye ndiye baba mkwe wetu wa kudumu, alivaa miwani. Ukurasa wa kwanza Mbeyu akapiga hodi, akakaribishwa. Ukurasa wa pili akawaamkia wakwe, wakaulizana habari za Adu, mvua, mahindi, mbuzi, mguu wa shangazi. Ukurasa wa tatu wakaulizana habari za Rabai. Shahida akasimamisha saa.

"Bwana Mwambire, dakika tatu zimekwisha. Huyu bibi amekuja kufanya nini?"

"Kuchukua cherehani."

"Anasema wapi?"

Mwambire akafunua karatasi mbele, akafunua tena. "Ukurasa wa kumi na moja."

"Kumi na moja! Mpaka hapo watu wa Kilifi watadhani amekuja kuomba chumvi."

"Lakini dada, hawezi kusema kabla ya salamu kwisha. Ni ukweni!"

"Halafu hapa umeandika, 'Mbeyu anaikumbuka cherehani yake kwa uchungu.' Kamera itaupigaje picha uchungu wa moyoni? Niandikie kitu ninachoweza kukiona au kukisikia. Kata salamu."

Mwambire alikusanya karatasi zake kama mtu anayeokota meno yake. Nilimhurumia, ingawa Shahida alisema kweli.

Alirudi baada ya siku nne, macho mekundu. Salamu zote alikuwa amezifyeka. Ukurasa ulianza: NDANI. SEBULE YA WAKWE. MCHANA. Mlango unafunguliwa, Mbeyu anaingia na kusema mara moja: "Nimekuja kuchukua cherehani yangu."

Shahida akayasoma maneno ya Mbeyu kwa sauti kali. Zamu ya kujibu ilikuwa ya Mzee Gona. Mzee akanyamaza.

"Mzee, ni wewe," nikamnong'oneza.

"Najua ni mimi. Sijibu."

"Kwa nini?"

"Hajaniamkia." Akaivua miwani, akaiweka mezani. "Mtu anaingia nyumbani kwangu, mkaza mwana, mwanangu yuko kaburini, hasemi hodi, hasemi shikamoo, ananidai chombo? Huyo mfukuzeni. Hiyo cherehani mimi siitoi."

"Mzee, ni mchezo tu," Shahida akasema.

"Mchezo ni wenu. Adabu ni yangu."

Tulicheka mpaka mwenye duka la halua akapiga dari kwa fimbo ya ufagio. Lakini Mwambire hakucheka. Alikuwa ameelewa kilichompata. Katika mstari mmoja tu, shujaa wake amekuwa mtovu wa adabu, na ukumbi mzima wa Kilifi ungekuwa upande wa wezi. Hata vichekesho vimekufa, ikabaki kesi. Na siku ya Kilifi zikabaki siku tano.

"Nikisalimu, nimepoteza," akaniambia tukishuka ngazi. "Nisiposalimu, nimepoteza. Damaris, labda mimi ni mtu wa viti tu."

Nilitamani kumwambia neno la maana. Nikamwambia aache ujinga.

Kesho yake alinipa lifti kwenye gari lake hadi Mambrui, nami nikaona aibu kukataa. Njiani akapitia kwenye nyumba moja ya matanga kuchukua viti. Matanga yalikuwa yamekwisha tangu juzi na viti alivihitaji kwenye harusi saa nane. Sasa mnajua mambo yetu. Huwezi kuingia kwa wafiwa ukasema nipeni viti vyangu. Mwambire akapiga hodi. Akatoa pole. Akaulizwa habari za Malindi, akajibu njema. Akaulizwa watoto, akajibu hawajambo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, ndipo nikaona.

Mdomo ulikuwa ukisalimu, lakini macho yalikuwa yakizunguka uani kutafuta viti. Kimoja kilikuwa kimeanikiwa suruali. Kwenye kingine alikuwa ameketi mjomba wa marehemu, mwanaume wa kilo mia na ushee, na miguu ya nyuma ya kiti ilikuwa imeanza kupanuka. "Mvua je, huko kwenu?" mjomba akauliza. "Tumejaliwa," Mwambire akajibu, na kila mjomba aliponesa, Mwambire alikunja uso. Mjomba akaegemea nyuma. Mwambire akainua mkono kidogo, kama mtu anayetaka kumdaka mtoto, akaurudisha mfukoni. "Na mahindi?" "Yanatia moyo."

Nilicheka mpaka ikabidi nijifanye nalia, na kwa kuwa tulikuwa kwa wafiwa, wakanibembeleza.

Garini nikamwambia, "Mwambire, wewe umesema kitu gani pale?"

"Nimesalimu tu."

"Na ulikuwa ukitaka nini?"

"Viti vyangu! Yule mzee alikuwa anakiua kile ki…" Akakanyaga breki katikati ya barabara. Nyuma yetu lori likatutukana kwa honi ndefu. Yeye hakusikia. Alikuwa akinitazama huku mdomo wazi.

Siku ya Ijumaa tulikuwa Kilifi, ukumbi umejaa, feni moja inafanya kazi na nyingine inatazama. Waandishi watano walitutangulia. Wawili walianza na mhusika anayeamka kitandani na kupiga mswaki. Mwenyekiti wa jopo, bwana mmoja kwa jina Odera, aliwaambia asante kwa upole wa daktari wa meno.

Tukaitwa. Shahida alikuwa Mbeyu, Mzee Gona bavyaa, mimi mavyaa, yaani mama mkwe kwa mara ya kumi na nane. Mwambire mwenyewe alisoma maelezo ya kinachoonekana.

Mbeyu anapiga hodi, anakaribishwa. Sebuleni, cherehani imesukumwa ukutani imekuwa meza. Juu yake pana televisheni, ua la plastiki na gilasi ya maji inayovuja jasho. Mbeyu anaiona, anasimama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," Mzee Gona akajibu, safari hii kwa moyo wote. "Habari za Adu?"

"Njema." Mbeyu anainua ile gilasi, anafuta duara la maji kwenye mbao kwa ncha ya leso yake, anaishika gilasi mkononi.

"Mvua?" nikauliza mimi. Mavyaa anaichukua gilasi mkononi mwa Mbeyu, anairudisha palepale.

"Imenyesha." Mbeyu anainua tena.

Ukumbini mtu akacheka. Tulikuwa nusu ya ukurasa wa pili. Habari za mbuzi, gilasi chini. Habari za mguu wa shangazi, gilasi juu. Tulipofika kwenye mahindi, watu walikuwa wakiicheka kila salamu kabla hatujaitamka, na mama mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Si aiweke hiyo gilasi chini ya kiti!" Odera alikuwa ameacha kuandika.

Chini ya ukurasa wa tatu salamu zinakwisha. Mbeyu amekaa kando ya cherehani, na mguu wake, pasipo mtu kuuona, umepata kikanyagio. Anakikanyaga mara moja. Gurudumu linazunguka, televisheni inatikisika. Wote wanageuka.

"Haya, mwanangu," Mzee Gona akasoma. "Salamu tumezisikia. Umejia nini?"

Shahida akainua macho kutoka kwenye karatasi. Akatabasamu tabasamu la mtu aliyebanwa kidole mlangoni.

"Nimekuja kuwasalimu tu, baba."

Ukumbi ukalipuka. Yule mama wa nyuma alikuwa amesimama: "Sema! Sema wewe mwanamke, sema!" Odera akagonga meza mara tatu. "Ukurasa wa nne," akasema. "Upo? Usomwe."

Tukausoma. Tukasoma na wa tano, hakuna aliyetuzuia.

Baadaye nilimkuta Mwambire nje, ameegemea ukuta, soda haijaguswa, anafuta uso kwa shati. Nikamrukia shingoni. Nikamwambia ule uongo wa mwisho, nimekuja kuwasalimu tu, ni mstari bora kuliko yote niliyowahi kuisikia, na nikamuuliza kichwa cha viti kimeutoa wapi.

"Ni wa mama," akasema. "Baba alipofariki walichukua cherehani yake. Alikwenda Rabai mara nne kuidai. Kila akirudi tukimuuliza, alisema, nimewasalimu tu."

Nikaegemea ukuta kando yake.

"Na huyu wetu?" nikauliza. "Mbeyu ataipata?"

"Ukurasa wa tisini na mbili," akasema Mwambire. "Ataibeba kichwani, televisheni ikiwa juu yake."